Kwa nini "the treasurer be present" na sio "is present"

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa SACCOS ya kazini kwetu hapa Dar, muhtasari wa vikao tunaandika kwa Kiingereza. Juzi niliandika "The committee insisted that the treasurer be present", bosi akafuta be akaweka is, akaniambia he inaenda na is, hilo ni la shule ya msingi. Ila mimi hiyo be nimeshaiona kwenye barua nyingi. Nani yuko sawa? Na suggest na it is important that nazo ziko hivyo hivyo?*

Marahaba binti. Wewe uko sawa, be yako irudi pale pale ilipokuwa. Ila usiende kwa bosi na hilo jibu tupu, kwa sababu atakuuliza kwa nini na ana haki ya kuuliza, he kweli inaenda na is kwenye sentensi nyingi anazozijua. Nakupa sababu yenyewe, na sababu hiyo unayo tayari kwenye Kiswahili chako, hujaanza tu kuitumia.

Angalia hizi mbili. "Kamati ilisisitiza kwamba mweka hazina yupo." Na hii, "Kamati ilisisitiza kwamba mweka hazina awepo." Muulize mtu yeyote pale kituoni Ubungo tofauti yake, hata kama hajawahi kusikia neno sarufi atakujibu hapo hapo. Ya kwanza kuna mtu alikuwa na wasiwasi kwamba mweka hazina hayupo, kamati ikashikilia kwamba yupo, yaani wanatoa habari. Ya pili hakuna habari yoyote inayotolewa, huenda mweka hazina yuko Morogoro kwa shangazi yake, kamati inachosema ni kwamba atakiwe kuwepo, yaani wanaagiza. Kitenzi ni kile kile sisitiza, kinachobadilisha maana ni yupo na awepo basi.

Sasa insist ya Kiingereza nayo ina kazi mbili hizo hizo, kushikilia kwamba jambo ni kweli na kushikilia kwamba jambo lifanyike, na Kiingereza nacho kinazitenganisha kwenye kitenzi cha pili. "Insisted that the treasurer is present" ni yupo. "Insisted that the treasurer be present" ni awepo. Wewe ulitaka kuandika awepo ukaandika awepo, bosi akakubadilishia ikawa yupo, na nina uhakika hakukusudia, yeye aliona he na be zimekaa pamoja akadhani ni kosa la kupatanisha.

Hiyo be wenye sarufi yao wanaiita sabjanktivu, lakini jina lisikutishe, wewe iite "e ya mwisho" kama tulivyofundishwa, aende, asome, alipe, awepo. Kitu cha kuangalia ni hiki, kwenye awepo hamna na, hamna li, hamna ta wala me, kitenzi hakina wakati kabisa. Anakuja, alikuja, atakuja, amekuja vyote vina wakati, aje hakina. Kiingereza kinafanya vile vile ila chenyewe hakina e ya kuongeza, kwa hiyo kinachofanya ni kuvua tu, kinavua s ya he na she, kinavua ed ya jana, kinabaki na kitenzi kitupu kama kilivyo kwenye kamusi. Attend, sign, pay, bring. Na kitenzi cha kuwa ukikivua is, am, are, was, were kinabaki be. Ndo maana be inaenda na wote, "that I be", "that you be", "that they be", hamna cha he wala cha they hapo.

Na hapa ndo utaelewa kwa nini watu wengi hawajawahi kuiona hii kitu wakati iko kila siku mbele yao. Ukiandika "I suggest that they attend the meeting" sabjanktivu ipo lakini haionekani, kwa sababu they attend ya kawaida na they attend ya kuagiza zinafanana herufi kwa herufi. Inajitokeza tu ukiweka he, she, au jina la mtu mmoja, "I suggest that she attend", hapo s imekosekana na jicho linashtuka. Hata kwetu ziko zinazojificha kidogo, vitenzi vilivyotoka Kiarabu kama jibu, rudi, samehe, fikiri havichukui e, unasema "nashauri arudi" wala huoni e yoyote mwishoni, unajua tu ni agizo kwa sababu ya kukosekana kwa na na li. Kiingereza karibu chote kiko kama arudi. Be peke yake ndo iko kama awepo, inaonekana siku zote, ndo maana ugomvi mwingi ofisini unaanzia kwenye be.

Haikuwa hivyo zamani. Kiingereza cha kale, miaka zaidi ya 1000 iliyopita, kilikuwa na miisho yake maalumu ya kazi hii, ikaja kumomonyoka kidogo kidogo mpaka ikalingana na kitenzi kitupu. Mabaki yake bado yapo kwenye maneno yaliyoganda. "God save the King" sio "God saves the King", hawatoi taarifa kwamba Mungu anamwokoa mfalme, wanaomba amwokoe. "God bless you" ni Mungu akubariki, s haipo. Na kama unasali kanisani, Sala ya Bwana kwa Kiingereza imejaa hizi, "Hallowed be thy name, thy kingdom come", kwetu ni jina lako litukuzwe, ufalme wako uje. Litukuzwe, uje. Tazama zile e mbili, na kule be na come bila s. Mtu akikubishia kwamba be na jina moja haziwezi kukaa pamoja mpe sala hiyo aitazame.

Nikupe kisa kimoja ili uone kwamba hii sio kubishania herufi. Miaka kadhaa nyuma niliitwa na kikundi kimoja cha kuweka na kukopa huku Tabata, walikuwa wamekaguliwa hesabu na mkaguzi ameandika jambo ambalo hawalielewi. Kwenye muhtasari wao wa Kiingereza kulikuwa na sentensi hii, "The chairman insisted that the receipts were attached." Mkaguzi akaisoma kama inavyosomeka, kwamba mwenyekiti alishikilia kuwa risiti zimeshaambatanishwa. Akafungua faili, risiti hamna. Akaandika kwamba mwenyekiti alikiambia kikao jambo ambalo sio kweli. Mzee wa watu alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki anatetemeka mikono, anasema mimi sijawahi kusema hivyo, mimi nilisema walete.

Nikaomba daftari la katibu, lile la mkono la Kiswahili, kwa sababu huwa wanaandika kwanza kwa mkono alafu mtu anatafsiri. Ukurasa wenyewe umelowa chai pembeni, wino wa bluu, imeandikwa wazi kabisa, "Mwenyekiti alisisitiza risiti ziambatanishwe." Ziambatanishwe. Hazijaambatanishwa, anataka ziambatanishwe. Aliyetafsiri aliona alisisitiza ni ya jana, akaona risiti ni nyingi, akaweka were, kwa akili yake kila kitu kinaendana, jana na jana, wingi na wingi. Iliyotakiwa ni "The chairman insisted that the receipts be attached." Tulimwandikia mkaguzi barua tukaambatanisha nakala ya ukurasa wa daftari, akaelewa akarekebisha maandishi yake, lakini yule mzee alikaa wiki tatu watu wakimtazama vibaya mtaani kwa sababu ya were.

Humo ndani ya kisa kuna mambo mawili ambayo nataka uyashike vizuri. La kwanza ni la jana na leo. Sisi tumefundishwa kwamba kitenzi cha kwanza kikiwa cha jana na cha pili kinarudi jana, "he says he is tired" inakuwa "he said he was tired", na hiyo sheria ni ya kweli lakini inahusu habari, haihusu maagizo. Agizo halina wakati kwa hiyo hamna cha kurudisha. "The committee insists that he be present", "the committee insisted that he be present", "the committee will insist that he be present", be haitikisiki. Kiswahili tena ni hicho hicho, inasisitiza awepo, ilisisitiza awepo, itasisitiza awepo, umewahi kuona awepo ikabadilika kwa sababu ni jana? Haibadiliki.

La pili ni kwamba nyingi utakazokutana nazo kwenye muhtasari zitakuwa za kutendwa, risiti ziambatanishwe, posho ilipwe, akaunti ifungwe, kwa sababu vikao ndivyo vinavyozungumza. Hizo zote zinataka be alafu kitenzi cha kutendwa, "recommended that the allowance be paid", "proposed that the account be closed". Ukiandika "recommended that the allowance is paid" msomaji atasimama kidogo ajiulize je, imeshalipwa au inashauriwa ilipwe, na kwenye mambo ya hela hutaki mtu asimame hapo.

Ukikanusha, not inakaa mbele ya kitenzi kitupu peke yake, hamna do wala does wala did. "The committee insisted that the treasurer not sign alone", yaani asisaini peke yake. "I suggest that he not be paid until Friday", asilipwe mpaka Ijumaa. Najua "that the treasurer not sign" ukiisoma kwa sauti inasikika kama imekatika katikati, wanafunzi wangu wote mara ya kwanza wanataka kuweka does pale. Lakini "insisted that the treasurer does not sign alone" inarudi kwenye habari, kwamba kamati ilishikilia kuwa huwa hasaini peke yake, mtu akija kukagua sahihi za benki akakuta amesaini peke yake mara mbili basi kamati yote imesema uongo. Kisa cha Tabata kinarudi kwa mlango mwingine.

Sasa suggest. Hii nayo ina kazi mbili, na tena kwa Kiswahili ni maneno mawili tofauti kwa hiyo kuijua ni rahisi. Ikiwa maana yake ni kupendekeza au kushauri, inachukua kitenzi kitupu, "I suggest that the secretary keep the file", napendekeza katibu atunze faili, keep bila s. Ikiwa maana yake ni kuashiria au kuonyesha, hapo ni habari na kitenzi kinakaa kawaida, "The records suggest that he is the owner", kumbukumbu zinaonyesha kwamba yeye ndiye mmiliki. Ukiweka "the records suggest that he be the owner" umeharibu, kumbukumbu haziwezi kupendekeza kitu, ni makaratasi. Kwa hiyo kabla hujaweka be jiulize anayesuggest ni mtu au kikao kinachoshauri, au ni ushahidi unaoonyesha.

Na kwenye suggest kuna kosa ambalo linatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu na nalikuta kwenye barua za watu wenye digrii zao, "I suggest him to go", "they suggested us to open an account". Tunasema nilimshauri aende, yule m wa nilimshauri anatuvuta tuweke him. Suggest haimpokei mtu namna hiyo. Andika "I suggest that he go" au "I suggested that we open an account". Kama unataka sana kumtaja uliyemwambia basi ni "I suggested to him that he go". Advise ndo inampokea, "I advised him to go", kwa hiyo ukiona him imeng'ang'ania kichwani badilisha kitenzi, weka advise, maisha yaendelee.

It is important that, ndo hiyo ya tatu uliyouliza, na ndugu zake ni essential, necessary, vital. Hapa kidogo kuna ulegevu zaidi. Kwenye barua ya mwaliko wa mkutano mkuu unaandika "It is important that every member bring a passbook", ni muhimu kila mwanachama alete kitabu chake, bring bila s ingawa every member ni mmoja. Ndo namna iliyo safi. Lakini utakuta Waingereza wengi wanaandika "that every member brings" na hakuna anayeshtuka, kwa sababu neno important lenyewe linaegemea sana upande wa kuagiza na msomaji hapotei. Ila isisahaulike kwamba important inaweza kubeba habari pia. "It is important that he is a member" kwenye barua ya madai inaweza kuwa na maana kwamba yeye ni mwanachama tayari, na jambo hilo lina uzito kwenye madai haya. "It is important that he be a member" ni lazima awe, huenda bado hajawa. Ni muhimu kwamba ni mwanachama, ni muhimu awe mwanachama. Unaona, ukipitisha kwenye Kiswahili inajipambanua yenyewe.

Nirudi kwa bosi wako, kwa sababu nataka umtendee haki. Sisi hapa Tanzania Kiingereza tulichosomeshwa ni cha Uingereza, na Waingereza kwa muda mrefu be hii walikuwa hawaipendi sana, wao walikuwa wanaweka should, "insisted that the treasurer should be present". Kuna makusanyo mawili ya maandishi yaliyochapishwa mwaka 1961, moja la Marekani na moja la Uingereza, kila moja lina maneno kama milioni moja, wataalamu wakahesabu, wakakuta Wamarekani wanatumia kitenzi kitupu karibu kila mara na Waingereza wengi wanatumia should. Yakakusanywa tena mengine kwa mpango ule ule ya mwaka 1991 na 1992, ikaonekana Waingereza nao wanakirudia kitenzi kitupu kuliko zamani, wakifuata Marekani. Kwa hiyo mtu aliyesomeshwa na vitabu vya zamani vya Uingereza anaweza kweli kuwa hajawahi kufundishwa be hii hata siku moja, hajakosea kwa uzembe, hakuipata tu.

Na hapo ndo kuna njia ya kutokea. Should ni sahihi, ni ya heshima, na inafanya kazi ile ile ya awepo. Zote mbili, "be present" na "should be present", zinasema agizo. Kitu kisichosema agizo sawasawa ni is. Waingereza wapo wanaotumia hata kitenzi cha kawaida cha namna hiyo kwa maana ya agizo, wanasema "they insisted that he attended" wakimaanisha walitaka ahudhurie, na wanaelewana kwa sababu ya mazungumzo yanayozunguka, lakini muhtasari hauna mazungumzo, unasomwa miaka mitatu baadaye na mtu ambaye hakuwepo. Kwenye muhtasari mimi siikubali.

Kipimo changu basi ni kile ulichokwisha kukiona, itafsiri sehemu ya pili kwa Kiswahili, ikitoka na e ya kuagiza, awepo, alipe, asisaini, weka kitenzi kitupu, ikitoka na wakati, yupo, amelipa, hasaini, weka kitenzi cha kawaida. Ila kina mipaka yake na nisipokuambia kitakuangusha. Kiswahili kinatumia e hiyo sehemu nyingi kuliko Kiingereza. Nataka aje, mwambie aje, mruhusu aje, zote zina aje, lakini want, tell na allow hazikubali that he come, zenyewe zinataka to, "I want him to come", "tell him to come", "allow him to come". Usije ukaandika "I want that he come" ukasema mwalimu kasema. Kipimo kinatumika ukiwa umeshafika kwenye that na kitenzi cha mbele yake ni cha kushauri au kudai au kuagiza, suggest, insist, recommend, propose, demand, request, require, au ni it is important na wenzake. Na majina yao pia, "the suggestion that he resign", "a requirement that the form be stamped", fomu igongwe muhuri. Hope haimo, natumaini atakuja ina ta, kwa hiyo "I hope that he comes", na Kiswahili chenyewe kimekuonya kwa ile ta.

Tuifanye sasa aya yako yote, maana uliniwekea sentensi moja lakini najua muhtasari unavyokuwa. Chukua kikao cha namna hii kwa Kiswahili. Mweka hazina alieleza kwamba vocha mbili zimepotea. Kamati ilisisitiza mweka hazina awepo kila fedha zinapotolewa. Mjumbe mmoja alipendekeza vocha zihifadhiwe kwenye kabati la chuma na funguo asipewe mtu mmoja. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba kabati lipo.

Ya kwanza, zimepotea, ina me, ni habari, na alieleza ni ya jana, hapa ile sheria ya kurudi jana inafanya kazi, "The treasurer explained that two vouchers had been lost." Ya pili, awepo, e, agizo, "The committee insisted that the treasurer be present at every withdrawal." Ya tatu ina mbili ndani, zihifadhiwe na asipewe, zote agizo, moja ya kukanusha, "One member suggested that the vouchers be kept in a steel cabinet and that the keys not be given to one person." Sema ile that ya pili usiiache, ukiiacha mtu anaweza kudhani mapendekezo yameishia kwenye kabati. Ya nne, lipo, habari, ni ushahidi unaoonyesha, "The records suggest that the cabinet exists", exists na s yake kamili. Aya moja, suggest mara mbili, moja imevua moja imevaa, na kila moja iko sawa mahali pake.

Unapokwenda kwa bosi usimpelekee neno sabjanktivu. Mpelekee karatasi yenye sentensi mbili tu za Kiswahili, ilisisitiza yupo na ilisisitiza awepo, muulize kwa heshima, bosi kikao kile tulimaanisha ipi, akisema awepo mwonyeshe is inasema yupo. Akiona be bado inamkwaza mwambie basi tuweke "should be present", hiyo ataikubali kwa sababu ndo aliyosomeshwa, na wewe hutakuwa umepoteza kitu, agizo la kamati litakuwa limebaki agizo. Akishikilia is, mwombe muiandike upya bila that kabisa, "The committee required the treasurer to be present at every withdrawal", pale to imeingia hakuna tena cha kubishania na maana ni ile ile. Na kama muhtasari ule wenye is umeshasainiwa ukaingia kwenye faili usiufute kwa kalamu, leta marekebisho kwenye kikao kijacho, ile ajenda ya kuthibitisha muhtasari uliopita ndo kazi yake, isomwe sentensi, isomwe ya kurekebisha, mwenyekiti na wewe msaini pembeni na tarehe.